Mstari Mwekundu wa Shanice

Nilimpiga Mwalimu Mwandawiro ngumi ya mdomo mbele ya wazazi zaidi ya arobaini, mchana kweupe, chaki ikiwa bado mkononi mwake. Sisemi kwa kujivunia, wala sitaki kuhurumiwa. Nasema kwa sababu mambo yote yalianzia hapo, na mimi ni mtu ambaye mkono wake siku zote hufika kabla ya akili.

Jina langu ni Sylus Oundo. Baba yangu alitoka Samia kuja kukata mkonge huku Taita, nami nikazaliwa kambini kwenye zile nyumba za safu moja zilizobanana. Nilianza kukata mkonge nikiwa na miaka kumi na minane. Siku hizi naishi Mwakingali, hapa Voi, na kazi yangu ni kupakia na kupakua magunia kwenye malori. Nina mke, Christabel, na mabinti wawili. Shanice ndiye wa kwanza. Rita ana miaka minane.

Siku hiyo ya ngumi ilikuwa siku ya wazazi wa kidato cha nne. Mwalimu Mwandawiro ndiye aliyekuwa akishughulika na kuwaelekeza watoto kuhusu kazi, na alikuwa na mtindo wake ambao sijauona kwingine. Hakuhutubu. Alichora mistari miwili ubaoni, mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama. Wa kulala ni miaka ya mtu kazini, wa kusimama ni pesa anayopata. Kisha akawaita wazazi mmoja mmoja waje wachore maisha yao mbele ya watoto wao.

Alianza Ndulu, dereva wa trela. Mstari wake ulipanda haraka miaka mitano ya kwanza, halafu ukalala kama meza. "Miaka ishirini sasa nalipwa ileile," akasema. "Kitu imebadilika ni bei ya unga tu." Watu wakacheka. Akafuata Mable, muuguzi wa zahanati. Yeye alianza chini kuliko Ndulu, lakini mstari wake ulikuwa wa ngazi: unalala kidogo, unapanda, unalala, unapanda. Akaeleza kwamba serikalini kuna nyongeza ndogo kila mwaka, na kila baada ya miaka kadhaa, mtu akipandishwa cheo, inakuja kubwa. Mwaka wa kumi hivi, mstari wake ukampita Ndulu.

"Mnaona?" Mwalimu akawaambia watoto. "Msiulize tu kazi fulani inalipa ngapi. Ulizeni inalipa ngapi, lini."

Kisha akaniita mimi. Niliinuka nikitembea kwa madaha, nikashika chaki, nikachora mstari mmoja ulionyooka kutoka chini kabisa mpaka juu kabisa. Nani angenipinga? Mkata mkonge mwenzangu hakuwepo pale.

"Hiyo si kweli, Baba," Shanice akasema.

Alikuja mbele, msichana wa miaka kumi na saba mwenye sauti ya upole, akachukua chaki nyingine. "Mama ameweka payslip zako zote. Nimezisoma." Akachora. Mstari wangu ulipanda ghafla mpaka umri wa miaka ishirini na minne, nilipokuwa nakata mafungu mengi kuliko mtu yeyote kambini, kwa sababu mkonge hulipwa kwa fungu na mwili wangu ulikuwa mchanga. Kutoka hapo ukaanza kushuka. Miaka thelathini na mitatu, mgongo ulipokatika, ukaanguka. Kwenye magunia ukainuka kidogo, ukashuka tena. Mwisho wake ulikuwa chini ya pale nilipoanzia.

Mtu mmoja nyuma akacheka. Sikuwahi kujua ni nani, na labda ni heri yake. Damu ilinipanda nikamzaba Shanice kofi lililompeleka mpaka kwenye ubao. Mwalimu akanidaka mkono. Huo mkono mwingine ulikuwa huru, basi ukaenda. Alianguka juu ya dawati, mdomo umepasuka, damu ikimdondokea kwenye shati jeupe, na wanaume watano wakanikalia mpaka nikatulia.

Mwalimu mkuu alitaka polisi. Mwandawiro akakataa. Alifuta mdomo kwa kitambaa akasema, "Sitaki kuandikisha OB polisi. Nataka saa moja ya Mzee Oundo, ofisini kwangu." Ningependelea seli.

Kwa saa moja nzima alinifundisha kama mtoto, akiongea kwa upande mmoja wa mdomo. Alichora kazi za aina tatu. Kuna kazi za nguvu, kama zangu, ambazo zinakulipa mapema ukiwa kijana, halafu zinashuka pamoja na mwili. Kuna kazi za ngazi, kama ya Mable, ambazo zinaanza kiasi, hazikufanyi tajiri, lakini zinapanda polepole na mwisho zina pensheni. Na kuna kazi za masomo marefu. Hapo akachora mstari uliolala chini kabisa, kwenye sufuri, mwaka baada ya mwaka, kisha ukapaa.

"Hiyo ya mwisho ni gani?" nikauliza.

"Daktari, kwa mfano. Miaka sita chuoni, mmoja wa interni, yaani mazoezi hospitalini, ndiyo unaanza sasa. Na hata hiyo pesa ya interni wanaigombania na serikali. Lakini ukishaingia, unaanza juu, na ukisomea utaalamu unapanda zaidi."

"Shanice anaweza?"

"Kichwa anacho. Lakini Mzee, hakuna mstari mzuri kuliko mwingine hivihivi. Inategemea mtu anataka nini maishani, na anakitaka lini. Kuna mtu anaweza kungoja miaka saba. Kuna mtu hawezi."

Hilo la mwisho liliingia sikio hili likatokea lile. Macho yangu yalikuwa yameganda pale juu, mwisho wa mstari. Nilitoka ofisini nimesahau kuomba msamaha. Kutoka siku hiyo nilikuwa na binti daktari.

Nilimwambia kila mtu. Kule tunakopakia malori, nilijipiga kifua mpaka vijana wakaanza kuniita Baba Daktari. Nyumbani nilikuwa vilevile. Christabel akichelewesha chakula nilimtia adabu, na gunia likinishinda mchana nilirudi na hasira zote nikampa yeye. Nasema nilimtia adabu kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikisema. Nilikuwa nampiga. Nilimpiga kwa ngumi, kwa mshipi, mara moja kwa betri ya redio.

Matokeo yalipotoka Shanice alikuwa na A minus. Nilicheza dansi barabarani na mgongo wangu mbovu. Nilimpeleka mwenyewe kwa Donald, yule mwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti, karibu na stendi, nikasimama nyuma ya viti vyao wakijaza kozi kwenye ile tovuti ya serikali ya kuombea vyuo. Udaktari nafasi ya kwanza, udaktari nafasi ya pili, udaktari chuo kingine nafasi ya tatu. Donald akaniuliza kama binti hatataka kuweka kozi nyingine ya akiba. Nikamwambia apige chapa aache mdomo. Neno la siri la Shanice lilikuwa namba ya cheti chake cha kuzaliwa, nami nililiandika kwenye kikaratasi nikakitia mfukoni kama hirizi.

Miezi ikapita. Tukasikia dirisha la kubadilisha kozi limefunguliwa, kwa wale ambao wangependa kugeuza mawazo. Halikunihusu.

Jumatatu ya wiki ile liliingia lori la saruji. Mutuku, kijana wa miaka ishirini na sita aliyekuwa msimamizi wetu, aligawa watu akaniacha nje. Mara ya tatu mwezi huo. Tunalipwa kwa mfuko, na mtu mzito anachelewesha kundi zima, najua, nilikuwa nikiwafanyia wazee hivyohivyo nilipokuwa na umri wake. Lakini kujua hakukunizuia.

"Mbona mimi hapana?" nikamuuliza.

"Mzee, pumzika. Si daktari atakulisha?"

Nilimrukia. Nilimpata moja ya sikio, akayumba, na nikadhani nimemmaliza. Yeye akaja na kichwa. Jino langu la mbele lilitoka nikalisikia likigonga bodi ya lori. Akanipiga mbavu mbili tatu, akaniangusha kwenye vumbi la saruji, kisha akasimama juu yangu akihema, akasema, "Mzee, enda nyumbani. Tafadhali." Ile tafadhali iliniuma kuliko jino.

Sikwenda nyumbani. Nilinawa damu kwenye bomba nikaenda kwa Donald. Nilitaka kitu kimoja tu: karatasi yenye jina la binti yangu na neno udaktari, niirudishe pale niwabandikie usoni. Nikampa Donald kile kikaratasi chenye namba.

Aliandika, akangoja, akakunja uso. "Mzee, hizi choices si zile tuliweka."

"Unasema nini?"

"Zilibadilishwa Alhamisi. Ameweka diploma ya uuguzi, KMTC, kile chuo cha mafunzo ya tiba. Zote ni uuguzi."

Nilimshika kola nikamvuta juu ya meza. Kibodi ikaanguka. Nilimwambia ameshirikiana naye, naye akaapa hajamwona Shanice tangu siku ile, kwamba siku hizi mtu anabadilisha kwa simu popote alipo. Nilimwachilia, nikachukua kikaratasi changu. Nilimwacha akiokota vitufe sakafuni, nikaenda nyumbani huku nikilamba pengo la jino.

Christabel alikuwa anachambua mboga. Rita alikuwa sakafuni na vitabu vyake. Shanice alikuwa anapiga pasi. Niliingia nikafunga mlango kwa komeo, na wote watatu wakajua. Rita aliingia chini ya kitanda bila kuambiwa, kama vile watu wanavyoingia nyumbani mvua ikianza.

"Uuguzi," nikasema. "A minus, halafu uuguzi. Ya wenye C."

Shanice alichomoa pasi kwenye umeme kwanza. Akaiweka mbali na mimi. "Ndiyo, Baba."

"Kwa nini?"

Nikavua mshipi. Nilimpiga mabegani, mgongoni, mikononi alipojikinga, na kila pigo nilirudia neno lilelile, kwa nini, kwa nini, nikiona mbele yangu Mutuku na ile tafadhali yake. Mdomo wake ulipasuka. Hakulia. Kama angelia labda ningeacha, lakini huko ni kutafuta wa kumlaumu.

Christabel aliinuka. Mke wangu ni mwanamke mdogo, hapandishi sauti, na kwa miaka ishirini hakuwahi kusimama kati yangu na kitu chochote. Siku hiyo alisimama. "Baba Shanice, huyu hapana," akasema. "Nipige mimi. Huyu hapana."

Kulikuwa na kigoda cha mbao karibu na jiko. Nilikiinua kwa mikono miwili. Christabel akainua mkono kujikinga, nami nikasikia mfupa. Ni sauti ndogo tu. Aliketi chini polepole, akautazama mkono wake ambao sasa ulikuwa na pembe mahali pasipo na kiungo, na hakupiga kelele hata kidogo. Alisema tu, "Rita, usitoke huko chini."

Mimi nilibaki na kigoda mkononi.

Shanice alimfunga mamake mkono kwa leso na rula mbili za Rita. Alifanya haraka na vizuri. Kisha akaenda kwenye rafu, akatoa karatasi ya hesabu yenye miraba kutoka kwenye kitabu cha jiografia, akaniletea. Damu ya mdomo wake ilikuwa imefika kidevuni.

"Uliuliza kwa nini," akasema. "Soma."

Nilidhani ni ile michoro ya Mwandawiro, na kwa kiasi ilikuwa hiyo. Mstari wa daktari ulilala sufuri mpaka mwaka wa saba ndipo ukapaa. Mstari wa muuguzi ulilala miaka mitatu, wa nne ukaanza. Aliuanzia chini, kwa mshahara wa hospitali ya binafsi, maana kazi ya kaunti hungojwa na haina hakika, kisha ukapanda kwa ngazi, na mbele akaandika kwa herufi ndogo, "naweza kufanya degree nikiwa kazini". Hakuwa amejidanganya. Mwaka wa kumi na mbili daktari alikuwa juu mbali kabisa, na alikuwa amemchora hapohapo alipostahili, bila kumpunguza.

Halafu kulikuwa na mstari uliokatiza karatasi nzima kwa kulala, kwa kalamu ya kijani. Pembeni aliandika: nyumba, chakula, karo ya Rita. Ndicho kiasi cha kulisha watu watatu. Si wanne. Mstari wa muuguzi uligusa ule wa kijani mwishoni mwa mwaka wa nne. Hapo palikuwa na duara, na maneno mawili: Mama anahama.

Mstari wangu pia ulikuwepo, wa bluu, unashuka. Na chini yake ulikuwepo mwingine, mwekundu, unaopanda. Huo sikuuelewa mpaka niliposoma vituo vyake. Alikuwa ameviandika kwa mwaka, kama mtu anayeandika mvua. Mwaka niliokatika mgongo: kofi. Mwaka tuliohamia Voi: jino. Mwaka wa korona, malori yalipopungua: mbavu. Halafu: mimba ya miezi mitano, ikatoka. Halafu: kuzimia mara mbili. Kila malipo yangu yaliposhuka, mwekundu ulipanda, na baada ya mwaka huu aliuendeleza kwa nukta nukta, jinsi walivyofundishwa shuleni kuendeleza mstari. Mwaka wa saba, pale pale ambapo daktari anaanza kulipwa, nukta nyekundu zilifika juu ya karatasi. Hapo aliandika: Mama hafiki.

Nilisoma nikiwa nimesimama. Niliketi juu ya kigoda kilekile, kisha nikakumbuka ni kigoda gani, nikainuka.

"Nilitaka udaktari, Baba," Shanice akasema. "Usidhani sikutaka. Nilitaka kuliko wewe."

Walitoka wote watatu, Christabel ameushika mkono wake kama mtoto mchanga. Mimi nilifuata nyuma, mbali, mpaka hospitalini. Nilimsikia mhudumu wa zamu akiuliza kama mama ameanguka, maana ndivyo tulivyokuwa tukisema miaka yote: ameanguka bafuni, ameanguka kisimani. Christabel alifungua mdomo. Shanice akamtangulia. "Hajaanguka. Amepigwa na kigoda. Ni baba, yuko hapo nje."

Niliketi kwenye benchi nikingoja. Shanice alitoka baada ya mkono kufungwa plasta, akasimama mbele yangu, hatua tatu hivi, umbali ambao mkono wangu haufiki. Niliona kwamba ameupima. Kumbe siku zote alikuwa akiupima.

"Shanice," nikasema. "Nikihama leo. Leo hii. Nikiwaachia nyumba, nikilipa kodi hata kwa kukopa. Ule mstari mwekundu ukatike. Utarudisha udaktari?"

Nilimaanisha. Sijawahi kumaanisha kama siku hiyo. Niliona hesabu yote wazi: kama mimi sipo, mama anaweza kungoja miaka saba, hata kumi. Kilichofanya mstari wa daktari uwe mrefu mno hakikuwa chuo. Kilikuwa mimi.

Aliniangalia. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha.

"Baba, dirisha linafungwa Ijumaa," akasema. "Leo ni Jumatatu. Ukihama leo, mimi nitajua umehama kweli baada ya miaka mingapi?"

Nilikuwa nimeahidi kanisani, nimeahidi kwa wazee wa Samia, nimeahidi kwa magoti siku ile ya mimba. Baada ya siku hiyo nilikaa miezi minne bila kumpiga mtu. Alikuwa ameiweka hata hiyo kwenye karatasi, kituo kimoja ambapo mwekundu ulishuka kidogo kabla ya kupanda tena.

"Nimeongea na dawati la jinsia la polisi," akaongeza. "Wanakuja."

Walikuja askari wawili, mmoja mwanamke. Nilikwenda bila kusumbua. Nilikaa seli siku tatu, na huko ndani kijana mmoja alinikanyaga vidole kwa makusudi nami sikuinuka. Kesi bado inaendelea. Alhamisi nilitoka kwa bondi, na aliyenisimamia ni Mutuku, yule aliyening'oa jino. Hakueleza kwa nini nami sikuuliza. Alinitafutia chumba Sofia, upande wa pili wa mji, na mahakama iliniamuru nisikanyage Mwakingali.

Ijumaa alasiri nilikwenda kwa Donald. Alirudi nyuma aliponiona. Nikamwekea mezani pesa ya kibodi, nikaomba mashine moja. Kikaratasi bado nilikuwa nacho mfukoni. Niliandika namba ya mtihani, nikaandika namba ya cheti cha kuzaliwa, ukurasa ukafunguka. Uuguzi, uuguzi, uuguzi. Zilikuwa zimebaki dakika arobaini.

Nilijua jinsi ya kufanya. Ningebonyeza mara tatu tu na ningekuwa na daktari. Vidole vilivyokanyagwa viliniuma kila nilipogusa kile kipanya. Nilifikiri: atalia mwaka mmoja, atanishukuru miaka thelathini. Mstari ule unapaa, Oundo, uliuona mwenyewe. Kisha nikajiuliza swali lake. Mwaka wa tano, nikikosa lori, Mutuku akinicheka, jino lingine likitoka, mimi ningekuwa wapi jioni hiyo? Sofia, au nje ya mlango wa Mwakingali? Nilitaka kusema Sofia. Nilingoja nijisikie nikisema kwa hakika.

Donald alikuja akasimama kando, mbali kidogo. "Mzee, nikusaidie kubadilisha?"

"Hapana."

Nilitoka kwenye ukurasa. Nikampa Donald kikaratasi, nikamwambia akichome, akakichoma mbele yangu kwenye kifuniko cha mkebe wa rangi. Nikakaa hapo kwenye kiti mpaka saa ilipofika. Nilikuwa natumaini bado, sitaficha. Nilitumaini labda yuko mahali na simu yake anabonyeza mwenyewe, kwa hiari yake, kwa sababu baba yake amelala seli siku tatu na amehama kweli. Donald alifungua tena tovuti kwa kazi yake mwenyewe, akasema imefungwa.

Matokeo ya nafasi yalitoka baada ya wiki chache. Nilimwomba Mable, yule muuguzi, aniulizie. Uuguzi, KMTC, ataripoti Septemba. Hakubadilisha. Nimekaa na Sylus Oundo miaka arobaini na sita, namjua kuliko mtu yeyote, na kama mimi ningekuwa Shanice nisingebadilisha.